Kodi Inayokungoja Unapotoa Pesa

Wakenya wengi wanaobashiri mechi bado wanaamini kwamba kodi ya kamari inamhusu aliyeshinda tu. Ndivyo ilivyokuwa kodi ya zuio kwa miaka kadhaa. Tangu Julai 1, 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipoanza kutumika, sivyo tena. Sasa kodi haiulizi kama umeshinda au umeshindwa. Inasubiri mlangoni: ukiingiza pesa kwenye akaunti yako ya kubashiri inakatwa, na ukizitoa inakatwa tena. Badiliko hili lilipita kimya kwa sababu viwango vilishuka, na mtu akisikia asilimia 20 imekuwa asilimia 5 hafungui maandishi kusoma hiyo asilimia 5 ni ya nini.

Tuanze na sheria ya zamani, maana bila hiyo mpya haieleweki. Mwaka 2018 Kenya iliweka kodi ya zuio ya asilimia 20 kwenye ushindi. Kodi ya zuio ni ile inayokatwa na anayekulipa kabla pesa hazijakufikia, kisha yeye ndiye anayeipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Mwenye kushinda hajazi fomu wala hapangi foleni, anaona tu kiasi kimepungua. Shida ilikuwa kwenye swali dogo: ushindi ni nini hasa? Ukiweka dau la shilingi 100 ukalipwa shilingi 300, je, umeshinda 300 au 200? KRA ilitaka kukata kwenye malipo yote. Kampuni za kubashiri zilisema shilingi 100 zilikuwa za mteja tangu mwanzo na haziwezi kuitwa ushindi. Ugomvi huo ulikuwa sehemu ya mvutano mkubwa wa 2019, ambapo leseni za kampuni kadhaa hazikuhuishwa, namba zao za malipo ya simu zikafungwa, na SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini. Baadaye sheria ilitamka wazi kwamba dau halihesabiwi: ushindi ni malipo ukitoa dau.

Hilo lilikuwa jibu la haki, lakini liliacha jeraha moja ambalo wachezaji wachache walilitambua. Kila mkeka ulihesabiwa peke yake. Mikeka iliyochanika haikupunguza kodi ya ule uliopita. Tuseme kijana wa bodaboda ana shilingi 1,000 na anaigawa kwenye mikeka kumi ya shilingi 100. Tisa inachanika. Wa kumi unapita kwa odi ya 8, analipwa 800. Kwa hesabu ya mfukoni mwake amepoteza shilingi 200, kwa sababu alitoka na elfu moja na amerudi na mia nane. Kwa hesabu ya sheria ya wakati ule ameshinda 700, na asilimia 20 yake ni 140. Akiondoa kodi hiyo anabaki na 660. Amelipa kodi ya ushindi siku aliyoshindwa.

Sasa mpe kijana huyo huyo shilingi 1,000 chini ya sheria ya leo. Anapoingiza pesa kwenye akaunti, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 wa kiasi alichoweka. Kampuni ikiukata kwenye pesa yake, shilingi 50 zinaondoka na 950 ndizo zinazoingia uwanjani. Anagawa mikeka kumi ya shilingi 95. Tisa inachanika tena, wa kumi unapita kwa odi ile ile ya 8, analipwa 760. Akizitoa zote kwenda kwenye simu, asilimia 5 inakatwa, yaani shilingi 38, na anapokea 722. Amepata nafuu kuliko zamani, hilo ni kweli. Lakini angalia zile shilingi 38 zimetoka wapi. Hazikutoka kwenye faida, kwa sababu hana faida. Zimetoka kwenye mabaki ya mtaji wake.

Hapa ndipo tofauti ya msingi ilipo. Sheria mpya iliondoa neno ushindi ikaweka utoaji wa pesa. Chochote kinachotoka kwenye akaunti ya kubashiri kwenda kwa mteja kinakatwa asilimia 5, kiwe faida, kiwe dau lililorudi, kiwe pesa ambayo haikuwahi kuchezwa hata mara moja. Mtu aliyeweka shilingi 1,000 jioni, akafikiria karo ya mtoto, akabadili nia na kuzitoa bila kubashiri chochote, amekatwa 50 wakati wa kuingiza na shilingi 47 na senti 50 wakati wa kutoa. Anapokea 902 na senti 50. Karibu shilingi mia moja zimekwenda na hakuna mpira uliopigwa.

Kwa nini Serikali ikubali kodi ya namna hii? Kwa maoni yangu jibu ni urahisi wa kuihesabu. Kujua ushindi wa kila mkeka wa kila mteja kunahitaji kuingia ndani ya mitambo ya kampuni na kubishana juu ya dau, bonasi na mikeka iliyofutwa. Pesa inayoingia na kutoka kwa simu, kinyume chake, inaacha alama mbili zilizo wazi, na mkaguzi anaweza kulinganisha rekodi za kampuni na za mtandao wa malipo. Ugomvi wa dau umekwisha kwa sababu swali lenyewe limefutwa. Gharama ya urahisi huo anaibeba mchezaji mdogo.

Anayenufaika ni mshindi mkubwa. Mtu aliyeweka shilingi 100 kwenye mkeka mrefu akalipwa 500,000 angekatwa shilingi 99,980 kwa sheria ya zamani. Leo akizitoa anakatwa 25,000. Kwenye jakpoti ya shilingi milioni 200 tofauti ni kati ya milioni 40 na milioni 10. Ukishuka chini, nafuu inazidi kupungua hadi inageuka. Kwa mkeka mmoja ambao malipo yake yote yanatolewa, kodi ya zuio ya sheria mbili inalingana kwenye odi ya 1.33 hivi. Anayependa mechi za uhakika, za odi ya 1.20 au 1.25, analipa kodi ya zuio kubwa zaidi leo kuliko alivyolipa kabla ya Julai 2025. Dau la shilingi 1,000 kwa odi ya 1.20 linaleta 1,200. Zamani kodi ilikuwa asilimia 20 ya zile 200, yaani shilingi 40. Sasa ni asilimia 5 ya zote 1,200, yaani shilingi 60. Faida yake ni 200, na kodi imekula karibu theluthi, kabla hatujagusa ule ushuru wa kuingiza.

Kuna madhara mengine yanayonitia wasiwasi kuliko hesabu. Pesa ikibaki ndani ya akaunti haikatwi. Ikitoka inakatwa, na ikirudi inakatwa tena. Mchezaji akijua hivyo anaona afadhali aziache ndani, na pesa iliyolala kwenye akaunti ya kubashiri huwa hailali muda mrefu. Kodi inayodaiwa kuwa ya kupunguza kamari imemwekea mtu sababu ya kutoondoka. Wabunge wanaopitia sheria ya fedha kila Juni wanapaswa kulitazama hili. Njia ya kulirekebisha haihitaji mtambo mpya: kampuni tayari ina jumla ya pesa mteja alizoingiza na alizotoa, na kodi inaweza kukatwa pale tu utoaji unapozidi uingizaji.

Sio kila pesa ya ghafla inapita mlango huu, na hapa watu huchanganya. Ukishinda zawadi kazini, mathalani mwajiri amekutangaza mfanyakazi bora na kukupa shilingi 50,000 taslimu, sheria haiioni kama bahati. Ni mapato ya ajira, inajumlishwa na mshahara wa mwezi huo na kukatwa kodi ya mshahara. Mwenye mshahara wa 60,000 tayari yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo zawadi hiyo inakatwa 15,000. Shilingi 50,000 zile zile zikitoka kwenye akaunti ya kubashiri zinakatwa 2,500. Aliyetoa jasho analipa mara sita ya aliyebahatisha. Sijui hoja ya kutetea pengo hilo, na ningependa kumsikia Waziri wa Fedha akiitoa.

Urithi nao una njia yake. Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka 1982, hivyo shamba uliloachiwa na mzazi halikatwi kodi kwa sababu tu limekufikia. Kodi inaweza kuja siku utakapoliuza, kwa sababu faida ya kuuza ardhi inatozwa asilimia 15.

Kwa anayebashiri, kujua kama amekatwa sawasawa ni kazi ya dakika chache. Fungua historia ya akaunti yako uone kiasi ulichoomba kutoa, kisha linganisha na ujumbe wa malipo uliofika kwenye simu. Ukiomba 2,000, kodi ni 100. Pengo likiwa kubwa zaidi, tafuta kwanza kama kampuni imeongeza ada yake au ya mtandao, maana hizo si kodi na hazipaswi kuandikwa kama kodi. Likiwa halielezeki, iandikie kampuni na utunze picha ya ujumbe wote wawili. Asipokujibu mtu, peleka malalamiko KRA, kwa sababu kiasi kilichokatwa kwa jina la kodi kinapaswa kufika huko.

Na kuna jambo moja ambalo kila mwenye simu anapaswa kulijua, hata asiyebashiri. Kodi ya zuio inakatwa ndani ya pesa unayolipwa. Haitangulii. Anayekupigia akisema umeshinda pikipiki au laki tatu kwenye promosheni, lakini utume kwanza shilingi 3,500 za kodi ndipo mzigo uachiliwe, ni mwizi. Zawadi ikiwa kitu, kama gari, ambacho hakiwezi kukatwa kipande, muulize mwandaaji kwa maandishi ni nani anayebeba kodi, na hata ikiwa ni wewe, malipo yanakwenda KRA kwa namba ya malipo iliyotolewa na KRA yenyewe. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Mwambie mama nyumbani, mwambie babu kijijini, kwa sababu ndio wanaopigiwa: wasitume chochote.