Waifai Inayokata Kompyuta Ikiamka

Umefunika kompyuta mpakato ukaenda kula. Ukirudi na kuifunua, waifai imekata, ilhali simu yako inaendelea vizuri kwenye ruta ileile. Usimlaumu mtoa huduma. Kasoro imo ndani ya kompyuta. Wengi huizima na kuiwasha upya, mtandao ukarudi, na jioni yakawa yaleyale.

Kompyuta inapolala, Windows hupunguza au hukata umeme wa kadi ya waifai ili kuokoa betri. Ikiamka, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inapaswa kuianzisha upya. Ikishindwa, kadi hubaki imezubaa.

Tatizo likitokea, usizime kompyuta kwanza. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha Network adapters. Bofya kulia jina la kadi ya waifai, chagua Disable device, halafu Enable device. Mtandao ukirudi, yaelekea kadi ni nzima, na fundi anayekuhimiza ununue nyingine anakuharakisha. Kadi ikiwa imetoweka kabisa kwenye orodha, hata baada ya kuzima na kuwasha, hapo ndipo pa kumwona fundi.

Kama kadi ni nzima, anza na umeme. Bofya kadi mara mbili, nenda Power Management, ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Betri itaisha mapema kidogo, hasara ambayo mimi naikubali. Laza kompyuta, iamshe, uone.

Kwenye kompyuta nyingi mpya sehemu hiyo haionekani. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /a
```

Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)" katika aina za usingizi zinazopatikana, kompyuta yako hulala nusu macho, na Windows yenyewe ndiyo inayosimamia umeme wa kadi. Kilichobaki ni draiva.

Tuseme mwalimu ameondoa tiki, lakini waifai bado inakata, na anakumbuka balaa lilianza Windows iliposasishwa. Anaandika:

```
netsh wlan show drivers
```

Tarehe na toleo la draiva vinatokea. Tarehe ikiwa ni ya karibuni, shaka inaelekea kwenye draiva mpya. Anarudi Device Manager, anafungua kadi, anaingia Driver na kubofya Roll Back Driver ili toleo la zamani lirudi. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya zamani.

Hapo, au kama draiva yako ni ya miaka mingi, pakua nyingine kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia jina kamili la modeli. Achana na programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Na ipakue waifai ikiwa bado inafanya kazi.