Deuteroni: Protoni na nyutroni zinavyoshikana kwa kubahatisha

Chukua protoni na nyutroni, unapata deuteroni, kiini cha haidrojeni nzito. Chukua nyutroni mbili, au protoni mbili, hupati kitu: zinaachana hapo hapo. Katika jozi zote, hii moja tu ndiyo inadumu.

Na hata hiyo inadumu kwa shida. Nyutroni ikinaswa na protoni, mwanga wa gama unatoka ukiwa na nishati ya karibu 2.22 MeV. Ndiyo bei ya kuivunja deuteroni tena. Kwenye viini vingi vikubwa, kung'oa chembe moja tu hugharimu kama 8 MeV.

Kwa nini ndogo hivyo? Wanafizikia wana hesabu rahisi. Chukulia nguvu ya nyuklia kuwa shimo lenye kuta wima: upana femtomita 2.1 (femtomita ni milimita iliyogawanywa mara trilioni moja), na nje yake nguvu hakuna kabisa.

Chembe ndani ya shimo ni wimbi. Linaanza sifuri katikati, linapanda, na lazima lianze kushuka kabla ya ukingo ili liungane na mkia unaofifia nje. Likifika ukingoni bado linapanda, chembe zinatawanyika. Kwa hiyo angalau robo ya wimbi lazima ienee ndani, na hilo linahitaji kina hiki:

V = (π²/4) × 41.5 / R²

Weka R = 2.1, unapata karibu 23 MeV. Pungufu ya hapo, hakuna deuteroni.

Sasa tafuta kina kinachotoa 2.22 iliyopimwa maabara. Jibu ni karibu 34 MeV. Maana yake shimo ni refu, lakini karibu nishati yote inaliwa na mwendo wa chembe zenyewe, kinachobaki ni chenji. Ongeza kina kidogo, kutoka 34 hadi 35, na nishati ya kushikana inaruka hadi karibu 2.7.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mkia wa wimbi ni mrefu kiasi kwamba, kwa hesabu hiyo hiyo, chembe hizi zinakutwa nje ya shimo zaidi ya nusu ya muda, karibu asilimia 63. Yaani mara nyingi ziko mahali ambapo nguvu haifiki!

Na nyutroni mbili je? Mvuto unakuwa na nguvu zaidi spini zikielekea upande mmoja. Kanuni ya Pauli inazikataza chembe zinazofanana kufanya hivyo katika hali hii ya chini kabisa. Zikielekea pande tofauti, mvuto unapungua kidogo tu, lakini unatosha kuzikosesha mpaka.

Shimo hili lina kasoro moja. Linatoa deuteroni ya duara kamili, wakati vipimo vinaonyesha imerefuka kidogo, kwa sababu nguvu halisi inategemea pia spini zimeelekea wapi, si umbali peke yake.