Kukagua Mizani na Risiti ya Duka

Kabla muuzaji hajaweka nyama kwenye mizani ya mshale, tazama mshale huo ukiwa mbele yake moja kwa moja. Ukiutazama kutoka pembeni utausoma vibaya hata kama mizani ni nzima. Sahani ikiwa tupu, mshale unapaswa kuwa kwenye sifuri. Ukikaa kwenye gramu 50, mizani ina kasoro ya sifuri: kila mzigo unaongezewa gramu 50 ambazo hazipo.

Chukulia kilo moja ni shilingi 12,000, nawe unataka nusu kilo. Mshale ukifika gramu 500, umepata gramu 450 tu. Unalipa shilingi 6,000 kwa nyama ya shilingi 5,400, kwa hiyo umepoteza 600. Jirani yako akinunua kilo 4 kwenye mizani hiyohiyo atapoteza 600 vilevile, lakini yeye ametoa 48,000. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayeumia zaidi.

Kasoro ya pili haionekani sahani ikiwa tupu. Mshale unaanza sifuri vizuri, ila unakwenda mbele kupita kiasi kadiri mzigo unavyoongezeka, pengine kwa sababu springi imelegea au imechezewa. Tuseme inasoma kilo 1 mahali penye gramu 900. Kwa nusu kilo unapata gramu 450, sawa na mfano wa kwanza, lakini kwa kilo 4 unapata kilo 3.6 na kupoteza shilingi 4,800.

Utazitofautishaje? Tumia maji, kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pima chupa tupu, ijaze lita 1 kamili, kisha pima tena na utoe. Tofauti ikiwa karibu gramu 1,000, springi ni nzima, kwa sababu kutoa kumeshaondoa kasoro ya sifuri. Ikiwa karibu gramu 1,100, tatizo ni la pili. Njia hii haigundui kasoro iliyo ndogo kuliko mstari mmoja wa mizani.

Risiti nayo hurudia tu alichoandika muuzaji. Haijui kama mizani ni kweli. Soma bei ya kilo kwanza, ndipo uzidishe. Risiti yenye kilo 1.5 kwa 12,500 na jumla ya 18,750 imezidishwa sawasawa, lakini kama mlikubaliana 12,000 ulitakiwa kulipa 18,000. Wengi hukagua jumla peke yake, na kosa la namna hii huwapita.

Nchini Tanzania, mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ambao huweka alama ya uhakiki. Ukiona kasoro, mwombe muuzaji arudishe mshale sifuri na kupima upya mbele yako. Akikataa, au kasoro ikiwa ya springi, peleka taarifa kwa Wakala ukitaja mahali, tarehe na vipimo ulivyosoma.