Tangazo la nyumba Ujerumani: 'Vyumba vitatu' si vyumba vitatu vya kulala

Picha iliingia kwenye simu ya baba wa watoto wawili mjini Nakuru saa mbili usiku. Mkewe, muuguzi anayefanya kazi Leipzig, Ujerumani, alikuwa ameipiga kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyakula. Karatasi yenyewe ilikuwa na mstari mmoja:

```
3 ZKB, 2. OG o. Aufzug, 71 m², EBK, KM 780 €, NK 130 €, HK 100 €, KT 3 MM
```

"Baba watoto, vyumba vitatu kwa yuro 780. Tuchukue?" mkewe aliandika.

Mume akaanza kupanga: chumba chao, cha watoto, na cha nyanya atakayekuja kusaidia kulea.

Kwa bahati, kabla ya kupiga simu kwa mwenye nyumba, muuguzi alimwonyesha picha hiyo mwenzake wa kazini, mama wa Kitanzania aliyeishi huko miaka mingi. Mama huyo alimwambia asitafsiri herufi moja kwa moja. Kwanza azirudishe kuwa maneno kamili ya Kijerumani, kisha aulize Wajerumani wanahesabuje.

Vyumba na ghorofa

ZKB ni Zimmer, Küche, Bad, yaani vyumba, jiko na bafu. Jiko na bafu havimo kwenye ile tatu, lakini sebule imo. Kwa hiyo 3 ZKB ni sebule na vyumba viwili vya kulala, nyumba ambayo Nakuru ingetangazwa kuwa ya vyumba viwili.

EBK ni jiko lililojengewa makabati, sinki na kwa kawaida meko. Herufi hizo zina thamani, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga Ujerumani hutolewa bila jiko. Mpangaji hukuta kuta tupu na mabomba, akanunua vingine mwenyewe.

2. OG ni ghorofa ya pili juu ya ile ya chini, ambayo huandikwa EG. Anayehesabu ghorofa ya chini kuwa ya kwanza atakosea kwa ngazi nzima. Herufi "o." ni ohne, yaani bila, na Aufzug ni lifti. Hapo mume alinyamaza kidogo. Nyanya ana maumivu ya magoti, na mtoto mdogo bado anabebwa.

Kodi baridi, kodi yenye joto

KM ni Kaltmiete, kwa maana ya neno kwa neno "kodi baridi": kodi ya nyumba pekee. NK ni gharama za ziada kama maji, taka na usafi wa ngazi. HK ni gharama ya kupasha nyumba joto. Zote tatu zikijumlishwa ndipo hupatikana WM, "kodi yenye joto".

Hapa ni 780 na 130 na 100, jumla yuro 1,010 kila mwezi. Umeme kwa kawaida haumo hata kwenye WM, kwa kuwa mpangaji hufunga mkataba wake na kampuni ya umeme.

NK na HK pia ni makadirio. Mara moja kwa mwaka mwenye nyumba hupiga hesabu ya matumizi halisi. Familia iliyotumia joto jingi wakati wa baridi huongeza pesa, na iliyotumia kidogo hurudishiwa.

KT 3 MM ni dipoziti ya kodi za miezi mitatu. Huhesabiwa kwa kodi baridi, si kwa jumla: 780 mara tatu, yuro 2,340. Sheria hairuhusu zaidi ya hapo, na mpangaji ana haki ya kulipa kwa awamu tatu za kila mwezi.

Picha nayo hudanganya

Mama huyo alisisitiza picha ionyeshe kingo zote za karatasi. Neno "inkl." humaanisha gharama imo ndani ya kodi, na "zzgl." humaanisha inaongezwa juu. Likikatwa pembeni, nyumba ya 1,010 huonekana kuwa ya 780. Wajerumani pia huandika elfu kwa nukta, hivyo 1.010 € ni yuro elfu moja na kumi, na mita za mraba 71 na nusu huandikwa 71,5.

Wenzi hao waliiacha nyumba ile kwa sababu ya ngazi. Wiki iliyofuata ikaja picha nyingine: 3 ZKB, EG, EBK, WM 980 €.

Mume aliisoma mara mbili kabla ya kujibu. "Nyanya atalala sebuleni, lakini hatapanda ngazi. Sasa muulize mwenye nyumba: umeme wa mwezi ni kama kiasi gani?"