Pendekezo Litasomwa na Asiyekuwepo Kikaoni

Kikao cha kwanza na kampuni kubwa mara nyingi huisha vizuri. Chai imenyweka, kadi zimebadilishwa, na meneja utawala amesema, "Basi nitumie pendekezo kwa imeili tulifanyie kazi." Muuzaji huteremka kwenye lifti akiamini kazi imeshapatikana. Wiki mbili baadaye bado anafungua simu kila asubuhi kutafuta jibu ambalo halijaja.

Mara nyingi chanzo ni kwamba barua aliyoituma aliiandika kwa ajili ya yule mtu aliyekaa naye, ilhali huyo hana mamlaka ya kuidhinisha malipo. Meneja utawala ataisoma kwa dakika moja, kisha ataipeleka mbele kwa idara ya manunuzi, nayo itaipeleka kwa mkuu wa fedha. Hao wawili hawakuwepo kikaoni. Hawakumwona muuzaji wala hawajui fundi aliyemtangulia aliharibu nini. Kikao kizima watakijua kupitia maandishi hayo tu.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayohudumia viyoyozi, inayotafuta mkataba wa mwaka mmoja kwenye jengo la ofisi lenye tawi la pili Mbagala. Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi. Meneja utawala alisema wana viyoyozi "kama sitini hivi", na muuzaji, kwa busara, aliomba kuzungushwa. Alipohesabu alipata 64: vya ofisini 60, na vinne vya chumba cha seva ambavyo havizimwi usiku wala mchana. Katika kuzunguka alisikia malalamiko mawili. Kiyoyozi cha seva kikizima, fundi wa sasa huchukua hadi siku mbili kufika. Halafu fundi huyo huleta ankara kila anapokuja, na idara ya fedha imechoka kushughulikia vikaratasi vidogo vidogo.

Barua inafaa iende siku ileile, au kesho yake kabla ya saa sita mchana. Si suala la adabu peke yake. Siku ya tatu meneja utawala atakuwa ameshakaa na wauzaji wengine, na maneno aliyoyasema mwenyewe hatayakumbuka vizuri. Akiyakuta yameandikwa mapema huyatambua, na anaweza kuipeleka barua mbele bila kuongeza maelezo yake.

Kichwa cha barua ndicho kitakachotafutwa mwezi ujao kwenye kisanduku kilichojaa. "Pendekezo" peke yake halitafutiki, wala "Salamu kutoka kwetu". Kwa kazi hii kichwa kinachofaa ni: "Huduma ya viyoyozi 64, makao makuu na Mbagala: pendekezo baada ya kikao cha Jumanne". Mkuu wa fedha akikiona tu anajua ni jambo gani, la ukubwa gani, na kwamba mtu wa ofisini kwake ameshazungumza na huyu mwandishi.

Ndani, barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, Dada. Ahsante kwa muda wako wa jana na kwa kutuzungusha jengoni. Tulihesabu viyoyozi 64, vinne vikiwa vya chumba cha seva. Ulitueleza kwamba kiyoyozi cha seva kikizima mnasubiri fundi hadi siku mbili, na kwamba ankara nyingi ndogo zinaisumbua idara ya fedha. Tunapendekeza fundi afike ndani ya saa nne kwa chumba cha seva, na ankara moja tu kila mwezi. Gharama ni shilingi 840,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Kiambatisho cha kurasa tatu kina maelezo yote. Ulisema kamati ya manunuzi inakaa Alhamisi ijayo. Nitakupigia Jumatatu saa nne asubuhi kujua kama kuna swali la kujibu kabla ya hapo."

Bei imetajwa kwenye barua yenyewe. Wauzaji wengi huificha ukurasa wa mwisho wa kiambatisho wakihofia kumtisha mteja, na hapo wanajiumiza. Mkuu wa fedha anayesomea simu garini hafungui kiambatisho. Anatafuta namba, na asipoiona anaiacha barua hadi atakapofika ofisini, ambako kuna barua nyingine 80 zinazomsubiri.

Namba yenyewe lazima iwe imefumbuliwa. Viyoyozi 60 vya ofisini vinahudumiwa mara nne kwa mwaka, vinne vya seva kila mwezi, na kila huduma ni shilingi 35,000. Vya ofisini vinafika 8,400,000 kwa mwaka na vya seva 1,680,000, jumla 10,080,000, ambazo ni 840,000 kwa mwezi. Mhasibu akilipiga hesabu hili kwenye kikokotoo chake na kupata jibu lilelile, imani yake inapanda bila muuzaji kujisifu hata neno moja.

Kisha kodi, mahali ambapo biashara ndogo huumia kimyakimya. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18, na muuzaji aliyesajiliwa lazima aseme wazi kama bei yake ina VAT ndani au inaongezwa juu. Kwenye mfano wetu 840,000 inaongezwa 151,200, na ankara inasoma 991,200. Hata hivyo si fedha hiyo yote itakayoingia benki. Kampuni inayonunua huduma hukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya bei kabla ya VAT, na kuipeleka TRA kwa jina la muuzaji. Hapa ni 42,000, hivyo zitakazoingia ni 949,200. Fedha iliyokatwa haijapotea, kwa sababu cheti cha zuio huhesabiwa kwenye kodi ya mapato ya muuzaji. Lakini aliyepanga mishahara ya mafundi kwa kuitegemea ankara nzima ataishiwa kila mwezi. Naye aliyeandika "bei 840,000" bila kutaja VAT anaweza kuambiwa na mnunuzi kwamba walielewa VAT imo ndani, na hapo amejipunguzia mapato kwa mkono wake.

Kiambatisho kinahitaji kurasa chache, na ule wenye uzito kuliko zote ni ukurasa ambao wengi hawauandiki kabisa: kazi ambazo bei hii haizihusu. Kwa viyoyozi orodha hiyo inajulikana. Huduma ya kawaida ni kuosha vichujio na koili, kusafisha bomba la maji, kupima gesi na kukaza nyaya. Kujaza gesi, kubadilisha kompresa na kununua vipuri ni malipo mengine, kwa kotesheni inayoidhinishwa kwanza. Jambo hili lisipoandikwa, mwezi wa tatu kiyoyozi kitavuja gesi, mteja atasema "si tunawalipa kila mwezi?", na mkataba utaanza kuchacha. Inasaidia pia kuandika ukomo wa ahadi. Saa nne ni za fundi kufika, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi saa nne za kumaliza tatizo wakati kipuri bado kiko dukani Kariakoo.

Bei iwe na tarehe ya mwisho, siku 30 kwa mfano. Vipuri na gesi huagizwa kutoka nje, na shilingi ikiyumba, ofa isiyo na ukomo inaweza kurudi baada ya miezi sita ikidai bei ya zamani.

Makosa mengine ni madogo kwa kuyatazama, ila yanafunga milango. Jina la mteja wa awali kubaki ndani ya waraka ulionakiliwa ni mojawapo, na dawa yake ni kulitafuta jina hilo kwenye faili zima kabla ya kutuma. Faili liwe PDF, jepesi, lenye jina linaloeleweka. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, na seva za kampuni nyingi zina ukomo ulio chini zaidi, kwa hiyo wasifu wa kampuni uliojaa picha nzito unaweza kukwama njiani bila mtumaji kujua. Kubwa kuliko hayo ni kumnakili mkurugenzi bila kumuuliza mwenyeji wako. Muuzaji huona anaharakisha mambo. Meneja utawala huona amerukwa kichwa, na kuanzia hapo hana sababu ya kuitetea barua hiyo mbele ya kamati.

Jumatatu saa nne muuzaji anapiga simu kama alivyoandika. Ikipokelewa, vema. Isipopokelewa, anajibu kwenye mfululizo uleule wa barua, ili pendekezo lionekane hapo chini bila mtu kulitafuta. "Nakumbushia tu" haimpi msomaji sababu ya kujibu. Ni afadhali alete jambo jipya lenye manufaa: orodha ya viyoyozi 64 kwa vyumba na ukubwa wake, kwa mfano, ambayo mteja anaweza kuitumia hata asipompa kazi.

Kimya nacho kina ishara zake. Mteja akiomba hati za usajili wa mzabuni, yaani cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara na cheti cha mlipakodi, kwa kawaida mambo yanasogea, kwa kuwa hakuna mhasibu anayependa kumsajili mtu asiyetarajia kumlipa. Akiuliza kama vya seva vinaweza kutenganishwa na vingine, bajeti inapimwa, na jibu liende siku hiyohiyo likiwa na hesabu mpya. Lakini akiomba kotesheni tupu bila maelezo, iletwe leo kabla ya saa tisa, yawezekana utaratibu unadai kotesheni tatu na mshindi ameshachaguliwa. Muuzaji anaweza kuipeleka, ila asifunge matumaini yake hapo wala asikate bei kwa hofu.

Kamati ikikubali, itakuja LPO, nayo isomwe mstari kwa mstari pembeni ya pendekezo kabla fundi hajapanda ngazi. Kosa linalotokea kwa urahisi kwenye mfano huu ni LPO kuandikwa viyoyozi 60, kwa sababu aliyeijaza alichukua mstari wa kwanza wa jedwali akauacha wa pili. Fundi akianza kazi hivyohivyo, ankara ya vifaa 64 haitalingana na LPO na mhasibu ataikataa. Marekebisho yaombwe siku hiyohiyo, kwenye mfululizo uleule wa barua, ambako hesabu ya 64 iko tangu siku ya kwanza na meneja utawala anaweza kuionyesha idara ya manunuzi bila mabishano.