Ripoti Isipofika

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia kazi zao waandishi wa programu, alifuta hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alipositisha amri, katika GB 300 hivi zilibaki GB 4.5 tu. Wenzake wakakimbilia nakala za kila siku zilizopaswa kuwekwa kwingine. Hazikuwepo.

Programu ya kunakili, pg_dump, ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza ilikwama. Barua pepe za kutangaza kosa zilitumwa, lakini kwa kuwa DMARC haikuwa imewezeshwa kwa barua hizo zikakataliwa na mpokeaji. Mafundi hawakuona barua, wakaamini mambo ni shwari. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Taarifa ya kosa huweza kufa pamoja na kilichoharibika. Seva ikizimika, nani atatuma barua? Dawa yake ni kudai habari njema, kisha kupiga kengele isipofika. Ndivyo mama anavyomngoja mwanawe aliyepanda basi: anangoja simu ya “nimefika”, na muda ukipita anaanza kuulizia.

Tuseme kunakili kunaanza saa nane usiku na huchukua dakika 40. Kazi ikikamilika, seva inaipigia hodi huduma ya uangalizi:

```
0 2 * * * /opt/nakala.sh && curl -fsS https://mlinzi.example/hodi
```

Alama `&&` ndiyo roho ya mstari huu: hodi hupigwa pale tu kazi ya kwanza inapofaulu. Mlinzi anaambiwa hodi inatarajiwa saa nane na dakika 40, na aongeze saa moja ya uvumilivu. Ikifika saa tisa na dakika 40 bila hodi, anampigia fundi wa zamu. Ukimpa uvumilivu wa dakika tano, atawaamsha watu bure kila mtandao unapozorota, na mwishowe watampuuza. Mlinzi huyo akae kwenye mashine nyingine, ikiwezekana jengo jingine, la sivyo umeme ukikatika vyote vinalala pamoja.

Hata hivyo hodi inaweza kudanganya. Mafundi wengi huandika `pg_dump | gzip`, na kwa kawaida ganda la Linux huangalia matokeo ya amri ya mwisho tu. pg_dump inakwama, gzip inafinya utupu bila kulalamika, na asubuhi kuna faili la baiti 20 tu. Katika bash, mstari wa `set -o pipefail` huziba tundu hilo. Mimi ningeongeza na kipimo cha ukubwa: nakala ya leo ikiwa chini ya nusu ya ile ya jana, hodi isipigwe.