Shule ni ya Nini? Njia Mbili za Kumfundisha Mtoto



Mara nyingi tukikutana katika vikundi vyetu vya Kisii na Nyamira, mazungumzo huanza na mbolea au mchango wa mzunguko, lakini huishia kwenye shule. Mzazi mmoja husema, "Mtoto wangu anapelekwa kuchora na kupanda mboga siku nzima. Hiyo hesabu atafundishwa saa ngapi?" Mwingine humjibu, "Wewe ulikariri vitabu miaka minane, na leo huwezi kutengeneza hata mlango wa kuku!" Watu hucheka, halafu hunyamaza, kwa maana kila mmoja amesema kweli kidogo.

Ubishi huu si wa kijiji chetu peke yake. Wataalamu wa elimu wamebishana hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Tukielewa kila upande unataka nini, tutaweza kuamua vizuri pesa za kikundi zisaidie shule kwa njia gani.

Njia ya kwanza: misingi kwanza

Upande wa kwanza unasema kwamba kuna mambo ambayo kila mtoto lazima ayajue, apende asipende: kusoma, kuandika, hesabu, sayansi, historia ya nchi yake. Mambo haya yamekusanywa na wazee wa vizazi vingi, na kazi ya shule ni kuyakabidhi kwa watoto. Mwalimu anajua, mtoto hajui bado. Kwa hiyo mwalimu anaongoza, mtoto anafanya bidii, na mwisho anapimwa. Mwalimu mmoja wa Marekani, William Bagley, aliandika msimamo huu mwaka 1938. Hakuwa anawatetea matajiri. Aliona kwamba nchi inayojitawala inahitaji raia wote wawe na msingi mmoja wa maarifa, na kwamba shule ikilegeza masomo, hasara ni ya wote.

Njia ya pili: mtoto ajifunze kwa kutenda

Upande wa pili unasema mtoto si debe la kujazwa maji. Anajifunza anapokuwa na shida ya kweli mbele yake na kutafuta njia ya kuitatua. Mwenye kujulikana zaidi hapa ni John Dewey, Mmarekani pia, aliyefungua shule ya majaribio huko Chicago mwaka 1896. Watoto wake walipika, walifuma nguo, walifanya useremala. Lakini tusikilize vizuri: lengo halikuwa kuwafanya wapishi na mafundi. Kwa kupika walifikia vipimo na hesabu. Kwa kufuma walifikia historia ya watu na kazi zao. Mkono ulikuwa mlango wa kuingilia kitabuni. Na mwaka ule ule wa 1938, Dewey mwenyewe alionya wafuasi wake katika kitabu chake kwamba si kila shughuli inafundisha, na kwamba kuacha masomo yenye mpango ni kosa.

Kwetu ubishi huu umepita mara tatu

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1924 tume ya shirika la Phelps-Stokes la Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Ilishauri kwamba Mwafrika afundishwe mambo ya kijijini kwake: kilimo, usafi, kazi za mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, ya kufunza walimu wa namna hiyo. Kwa maneno, mpango ulifanana na ule wa Dewey. Lakini wazazi waliona jambo moja: watoto wa Wazungu hawakupewa jembe. Walipewa vitabu, na kwa vitabu hivyo wakawa maafisa. Ndiyo sababu Waafrika wengi walidai Kiingereza na hesabu. Hawakudharau shamba. Walikataa mtoto wao afungiwe shambani na mtu mwingine.

Mara ya pili ilikuwa 8-4-4. Tume ya Mackay ilitoa ripoti mwaka 1981, na mfumo ukaanza Januari 1985. Nao uliahidi elimu ya vitendo: useremala, sayansi ya nyumbani, kilimo, sanaa. Wazazi walichanga harambee kujenga karakana. Kilichofuata wengi wetu tunakikumbuka. Vifaa havikutosha, na mwisho wa darasa la nane palikuwa na mtihani wa KCPE uliochagua nani aende shule gani ya sekondari. Basi useremala ukafundishwa ubaoni. Mtoto alikariri majina ya randa na tupa bila kuzishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yaliondolewa katika mtihani, na karakana nyingi zikageuka stoo. Hapa kuna somo: njia ya pili haikushindwa kwa sababu ni mbaya. Ilishindwa kwa sababu kilichopimwa kilikuwa kitu kingine. Shule hufuata mtihani kama ng'ombe anavyofuata chumvi.

Mara ya tatu ni huu mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulioingia katika madarasa ya chini kote nchini Januari 2019. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Sasa mtoto hupimwa pia kwa kazi anazofanya mwaka mzima, na ripoti husema kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake.

Tuchukue mfano wa majani chai

Maneno matupu hayatusaidii, basi tuchukue somo moja la vipimo, gredi ya 5, katika kijiji cha majani chai. Tuseme kadi ya mama inaonyesha wiki hii alipeleka kituoni kilo 18.5, kilo 23, kilo 16.5 na kilo 21. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja inalipwa shilingi 25, na mchumaji anapewa shilingi 10 kwa kilo. Nyumbani kutabaki ngapi?

Kilo zote ni 79. Mara 25 ni shilingi 1,975. Mchumaji anachukua 79 mara 10, yaani 790. Panabaki shilingi 1,185, kabla ya mbolea na makato mengine.

Sasa tumwangalie mtoto aliyefundishwa kwa njia ya kwanza peke yake. Ukimwandikia 79 × 25 atakupa jibu mara moja. Ukimpa kadi na kumwuliza, "Tumebaki na ngapi?" anakutazama tu. Hajui aanze na namba gani. Ana panga kali, lakini haoni msitu.

Mtoto wa njia ya pili peke yake amepelekwa kituoni na mwalimu, ameona mizani, amechora gunia kwa rangi tatu. Anaweza kukueleza kazi yote vizuri: tunajumlisha, tunazidisha, tunaondoa ya mchumaji. Lakini kuzidisha hakujui, na desimali inamchanganya. Anaona msitu, panga hana. Mtoto huyu karani akimwandikia kilo pungufu hatajua, na vivyo hivyo yule wa kwanza asiyeelewa kadi.

Hapo ndipo tunaona jambo kubwa. Njia hizi mbili hazifanyi kazi moja. Moja inatoa chombo, nyingine inafundisha matumizi yake. Chombo kina mpangilio: kujumlisha kabla ya kuzidisha, herufi kabla ya neno. Hakijifunzwi kwa bahati katikati ya mradi, kinataka mazoezi ya kila siku. Na hasa kwa mtoto wa maskini, kwa sababu mtoto wa tajiri akikosa shuleni atafundishwa nyumbani kwa vitabu na mwalimu wa kulipwa. Wetu akikosa shuleni, amekosa.

Jinsi ya kutambua kosa

Mzazi asiyesoma pia anaweza kupima. Jaribu mambo mawili jioni. Kwanza, mpe mtoto hesabu tupu au aya fupi asome. Pili, mpe shida ya nyumbani: risiti ya duka, kadi ya majani chai, daftari la kikundi. Akishinda ya kwanza na kushindwa ya pili, hajakosa akili, amekosa matumizi; mpeleke sokoni, mpe kazi ya kuhesabu chenji. Akieleza vizuri ya pili lakini akashindwa ya kwanza, ongea na mwalimu mapema kuhusu mazoezi. Usingoje gredi ya 6, maana pengo hukua kila mwaka. Akishindwa zote, anza na kusoma.

Alama nyingine ni ile kazi ya mradi. Mama anakimbia kununua manila na gundi, kaka mkubwa anachora, na asubuhi mtoto anabeba kazi safi kabisa. Mwulize, "Hii umeitengeneza vipi?" Kama hawezi kueleza, basi aliyefanya mradi ni nyumba, na ripoti itasema mtoto amefikia matarajio. Heri kazi yake mbaya ya udongo na majani ya migomba, aliyoifanya mwenyewe.

Pesa za kikundi ziende wapi?

Sisi tunaonelea hivi. Kama shule ya jirani ina watoto wa gredi ya 3 na 4 wasioweza kusoma aya, shilingi ya kwanza iende kwa vitabu vya hadithi vya madarasa ya chini, vya kutosha ili mtoto asome chake badala ya watano kuchungulia kimoja. Karakana ingoje. Tulishajenga karakana tukazifungia majembe.

Matumizi hayahitaji jengo. Zamani kwetu kazi kubwa ya shamba iliitiwa risaga, na watoto walikuwepo, wakiona na kusaidia. Leo kikundi kina mizani, daftari la akiba, kitalu cha miche, wengine Tabaka wana mawe ya kuchonga. Mwambieni mwalimu: leteni darasa, watoto wakague hesabu yetu ya mwezi. Wakipata jibu tofauti na la mweka hazina, tutakaa chini tuangalie nani amekosea. Siku hiyo kitabu na mkono vitakuwa vimekutana.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Babu zetu walidai vitabu badala ya jembe. Je, walikosea? Leo tungedai nini?

2. Karakana au chumba kilichojengwa kwa harambee shuleni kwetu kinatumika vipi sasa?

3. Kila mmoja amjaribu mtoto wake kwa yale mambo mawili wiki hii. Tumeona nini, na tutamwambia nini mwalimu mkuu?